Akademi kubwa, akademi ndogo au timu ya Jumapili: mtoto asaini wapi?

Mwaka jana mwezi wa 5, saa 3 usiku, alinipigia simu mama mmoja mwenyeji wa Mombasa ambaye tunaishi naye mji mmoja hapa katikati ya Uingereza. Mwanawe ana miaka 11 na anacheza winga kwenye timu ya Jumapili ya mtaani kwao. Ndani ya wiki moja walikuwa wamepata fomu ya akademi ya klabu ya Ligi Kuu, iliyo mwendo wa dakika 50 kwa gari, na mwaliko wa akademi ya klabu ya ligi za chini, iliyo dakika 15 kutoka nyumbani. Kocha wake wa Jumapili naye alikuwa amemwomba abaki angalau msimu mmoja zaidi. "Dada, wewe umeshapita njia hiyo," akaniambia. "Tusaini wapi?"

Nimepita kweli. Mwanangu aliingia akademi kubwa akiwa na miaka 9, akaachwa akiwa na miaka 14. Usiku ule sikumpa jibu, kwa sababu jibu la nyumba yangu si lazima liwe la nyumba yake. Tulichofanya ni kuziweka njia zote tatu mezani na kuzipima kwa maswali yale yale, na ndivyo nitakavyofanya hapa. Nazungumzia Uingereza, na nazungumzia wavulana, kwa sababu mfumo wa wasichana una utaratibu wake.

Kwanza tuelewane kuhusu vipimo

Tangu 2012 akademi za klabu hapa zinaendeshwa kwa mpango uitwao EPPP, na zimepangwa katika madaraja manne. Daraja la 1 ndilo lenye viwanja vingi, walimu wengi na fedha nyingi, na klabu nyingi za Ligi Kuu ziko humo. Daraja la 3 ni la klabu ndogo zenye makocha wachache na saa chache za mazoezi. Daraja la 4 huchukua vijana kuanzia miaka 17 hivi, kwa hiyo kwa mtoto wa miaka 11 halihusiki, ingawa litarudi mbele ya safari.

Maswali yetu yalikuwa manne. Mtoto anachukuliwaje? Wiki yake, na ya nyumba nzima, itakuwaje? Akiachwa, ataachwaje, na atabaki na nini mkononi? Na njia hii inamfaa mtoto wa namna gani? Wazazi wengi hukaa sana kwenye swali la kwanza. Mimi ningeanza na la tatu, maana wengi mno kati ya wanaoingia wakiwa wadogo huachwa kabla ya kufika timu ya wakubwa, na mtu anayejua mlango wa kutokea ulipo huingia kwa utulivu zaidi.

Kuna mtego mmoja wa kuuondoa kabla hatujaendelea. Akademi iliyomsajili mtoto haimtozi mzazi ada ya mazoezi. Ukiona barua yenye nembo ya klabu inayokutaka ulipe kila mwezi, huo ni mwaliko wa kituo cha mazoezi kinachotumia jina la klabu. Kinaweza kuwa kizuri, lakini mtoto hajachukuliwa na akademi. Nimeona familia ikisherehekea mwaliko wa namna hiyo, na mtoto akaja kuambiwa ukweli na wenzake shuleni.

Njia ya 1: Akademi kubwa

*Anavyochukuliwa.* Skauti huanza kuwatazama watoto wakiwa na miaka 6 au 7 kwenye viwanja vya Jumapili, na usajili rasmi huanza kwenye kundi la walio chini ya miaka 9. Mara nyingi huja mara kadhaa kimya kimya, halafu huzungumza na kocha wa timu kabla ya mzazi. Kisha mtoto hualikwa majaribio ya wiki kadhaa pamoja na wale waliokwishasajiliwa. Mtu akikufuata pembeni ya uwanja akijitambulisha kuwa ni skauti, mwombe kitambulisho, kisha uipigie klabu simu mwenyewe. Skauti wa kweli hachukizwi na hilo.

Jambo ambalo wazazi wa kwetu hawaambiwi ni uzito wa tarehe ya kuzaliwa. Mwaka wa shule hapa huanza tarehe 1 Septemba, na timu za watoto hupangwa kwa kalenda hiyo hiyo. Mtoto wa Septemba na mtoto wa Agosti inayofuata hucheza kundi moja ilhali wamepishana karibu mwaka mzima. Akiwa na miaka 9, mwaka mmoja ni kimo, nguvu na kasi. Ndiyo maana akademi zimejaa watoto wa Septemba, Oktoba na Novemba. Mwanangu ni wa Oktoba. Alipochukuliwa niliona ni kipaji kitupu. Alipofika miaka 13 na wenzake wakamfikia kwa urefu, ndipo nilipoelewa kwamba sehemu ya kile tulichokiita kipaji ilikuwa ni kukua mapema.

*Wiki yake.* Kwa wadogo mazoezi huanzia saa 4 hivi kwa wiki. Wakifika miaka 12 na kuendelea, daraja la 1 huweza kufika saa 10 na zaidi, na klabu nyingine humtoa mtoto shuleni siku moja au sehemu ya siku, kisha humpa mwalimu wa kufidia masomo. Kuna mtabibu wa viungo, kuna anayepima ukuaji wa mifupa, kuna video ya kila mechi. Hayo yote ni mambo ya kweli na mazuri, na mwanangu alijifunza mpira ambao asingeufundishwa mahali pengine.

Sasa piga hesabu ya nyumba. Mwendo wa dakika 50 kwenda na 50 kurudi, mara nne kwa wiki, ni dakika 400, yaani zaidi ya saa 6 na nusu ndani ya gari kila wiki kabla mtoto hajagusa mpira. Sisi tulikuwa na Jumanne, Alhamisi, Ijumaa na mechi ya Jumapili. Jumanne na Alhamisi zilikuwa siku za madrasa. Tukamhamishia kwa mwalimu wa Jumamosi asubuhi, na kwa miaka mitano hakuwa na siku ya kulala hadi saa 2. Mdogo wake wa kike alikula chakula cha jioni kwenye kiti cha nyuma mara nyingi kuliko mezani. Wakati wa Ramadhani makocha walikuwa waungwana, walimpunguzia mzigo na kumruhusu kufuturu pembeni ya uwanja, lakini ilibidi sisi tuwaambie mapema.

Zaidi ya hayo, mtoto akishasajiliwa haruhusiwi tena kuichezea timu yake ya Jumapili. Timu ya shule huwezekana kwa ruhusa ya klabu. Hapo ndipo marafiki wa mtaani huanza kupungua, polepole sana, kiasi kwamba huoni mpaka siku unapowahitaji.

*Anavyoachwa.* Watoto wadogo husajiliwa mwaka mmoja mmoja, na wakikaribia ujana fomu huwa ya miaka 2. Uamuzi wa kubaki au kuondoka hutolewa kabla msimu haujafungwa, kwa kawaida kufikia mwezi wa 5. Kabla ya hapo kuna tathmini za kila baada ya wiki kadhaa, na kwa nadharia hakuna mzazi anayepaswa kushtushwa.

Mimi nilishtuka, lakini nikitazama nyuma dalili zilikuwepo tangu Januari. Mwanangu alikuwa kiungo, wakaanza kumpanga beki wa kulia. Kijana wa majaribio aliyekuja Februari alikuwa kiungo. Tathmini ya awali ilikuwa na malengo matatu yaliyoandikwa wazi, na ile ya Machi ilisema tu aendelee kujituma. Mtu akikata tamaa na mtoto huacha kumwandikia malengo. Ukiona dalili mbili kati ya hizo, omba kikao mwenyewe, usingoje mwezi wa 5.

Kikao chetu kilikuwa saa 11 jioni. Tuliposhuka kwenye gari nilitazama saa, na tuliporudi nikaitazama tena: dakika 11. Humo ndani tulivuka uwanja wa magari, tukasubiri mlangoni, tukakaa, tukaambiwa, tukapeana mikono. Mwanangu alivua koti lenye nembo kabla sijawasha gari, akalikunja vizuri kabisa, akaliweka miguuni.

Kuna suala la fedha ambalo lazima mzazi alijue kabla ya kusaini. Klabu iliyomlea mtoto hudai fidia klabu nyingine ikimchukua. Mpango ulipoanza 2012, viwango vilikuwa pauni 3,000 kwa kila mwaka wa kati ya miaka 9 na 11. Kwa miaka ya 12 hadi 16 kiwango kilitegemea daraja la akademi, na daraja la 1 lilikuwa pauni 40,000 kwa mwaka. Chukua mtoto aliyekaa daraja la 1 kwa misimu mitatu baada ya kufika miaka 12. Kwa viwango hivyo, klabu inayomtaka ingekabiliwa na dai la pauni 120,000, na klabu ndogo haina fedha hizo za kumlipia kijana wa miaka 15. Klabu ikimwacha yenyewe, dai hilo halipo, na anaweza kwenda popote. Lakini mzazi akikasirika katikati na kumtoa mtoto, anaweza kujikuta mtoto hana klabu kwa sababu hakuna wa kumlipia. Kwa hiyo ukitaka kuondoka, usiondoke kwa hasira. Omba klabu imwachie bila dai, na upate neno hilo kwa maandishi.

*Anayemfaa.* Mtoto anayependa mazoezi yenyewe hata pasipo mechi, anayekubali kukosolewa bila kujifungia, na ambaye nyumba yake ina dereva wa jioni asiyefanya zamu. Ikiwa mtoto anapenda zaidi kucheza na wenzake kuliko kushindana nao, atapata shida humo hata kama miguu yake inatosha.

Njia ya 2: Akademi ndogo

*Anavyochukuliwa.* Utaratibu ni ule ule wa skauti, majaribio na fomu, ila wavu ni mdogo na umetupwa karibu. Mara nyingi mkuu wa akademi ndiye huyo huyo anayemtazama mtoto kwa macho yake, na wengi hapa ni watoto waliopitwa na klabu kubwa au walioachwa nazo. Kwa mtoto wa Julai au Agosti aliyechelewa kurefuka, nafasi mara nyingi huwa nzuri zaidi.

*Wiki yake.* Mazoezi ni kati ya saa 3 kwa wadogo na saa 6 hivi kwa vijana wa miaka ya kati. Viwanja wakati mwingine ni vya shule ya sekondari ya jirani, na mtabibu hayupo kila siku. Lakini dakika 15 kwa gari inamaanisha mtoto anarudi nyumbani na muda wa masomo, na ndugu zake wanabaki na mzazi.

Faida kubwa ya njia hii haionekani mapema. Klabu ndogo hulea vijana kwa sababu haina fedha za kununua wachezaji, kwa hiyo mlango wa timu ya wakubwa uko karibu zaidi. Exeter City, klabu inayomilikiwa na mashabiki wake, ilimchezesha Ethan Ampadu timu ya wakubwa akiwa na miaka 15 mwaka 2016, na mwaka uliofuata akaenda Chelsea. Ollie Watkins alilelewa hapo hapo, akauzwa Brentford 2017, kisha Aston Villa 2020. Kijana wa umri wao kwenye klabu kubwa angekuwa bado anacheza na vijana wenzake.

*Anavyoachwa.* Hapa kuna namna mbili. Ya kwanza ni ya kawaida: akifika miaka 16 klabu hutoa nafasi chache za mafunzo ya miaka 2 ya muda wote, yanayokwenda pamoja na masomo, na wasiopata huondoka. Uamuzi huo huangukia mwaka wa mwisho wa shule, wakati mtoto anajiandaa kwa mitihani ya GCSE. Hilo linahusu akademi kubwa pia, lakini kwenye ndogo nafasi ni chache zaidi. Wanaopata huamuliwa tena wakiwa na miaka 18, kati ya mkataba wa kulipwa na kuachwa.

Namna ya pili ni kwamba akademi yenyewe inaweza kufungwa. Brentford iliifunga akademi yake 2016, ikiona inatumia fedha kulea vijana ambao klabu kubwa zinawachukua kwa fidia ndogo. Watoto walioachwa siku ile hawakuwa wamekosea chochote. Kabla ya kusaini klabu ndogo, uliza ni vijana wangapi wa akademi waliocheza timu ya wakubwa misimu miwili iliyopita. Klabu inayowatumia vijana wake ina sababu ya kuendelea kuwalea.

Kwa upande mwingine, kuachwa hapa mara nyingi kuna sura ya mtu. Kocha anamjua mtoto, anajua shule yake, na huweza kupiga simu kwa timu ya ligi za chini kabisa na kusema nina kijana kwa ajili yenu.

*Anayemfaa.* Mtoto anayekua taratibu, anayehitaji kucheza sana kuliko kupimwa sana, na familia yenye zamu, watoto wengine au gari moja. Haimfai mtoto ambaye tayari amezidi kiwango cha wenzake kwa mbali na anachoka kusubiri.

Njia ya 3: Timu ya Jumapili na shule

*Anavyochukuliwa.* Mara nyingi unajaza fomu, unalipa ada ya msimu, unanunua jezi. Timu bora za vijana nazo hufanya majaribio, kwa hiyo kukataliwa kupo hata huku, ila hakuji na nembo. Na kubaki huku hakufungi njia: skauti wanaendelea kuja, na timu za wilaya za shule ni mahali wanapopenda kutazama.

*Wiki yake.* Zoezi moja au mawili, mechi moja. Kocha ni baba wa mtoto mwenzake ambaye amepitia kozi fupi. Akiwa mzuri, mtoto atapata mapenzi ya mpira ambayo hayatatoka. Akiwa mpiga kelele wa pembeni ya uwanja, mtoto atajifunza kupiga mipira mirefu na kuogopa kukosea. Kwa hiyo tofauti ndani ya njia hii ni kubwa kuliko tofauti kati ya njia hizi tatu. Nenda katazame mechi mbili kabla ya kuamua, na usimtazame mtoto wako, mtazame kocha timu ikifungwa.

*Anavyoachwa.* Hakuna kikao cha mwezi wa 5. Tatizo la huku ni timu kuvunjika yenyewe wachezaji wakifika miaka 14 au 15, kila mmoja na mambo yake. Kuna pia hatari ya kupitwa: saa 2 za mazoezi kwa wiki haziwezi kulingana na 10, na kijana anayetaka kurudi kwenye akademi akiwa na miaka 15 atalikuta pengo la kasi ya kufikiri uwanjani, hata kama mbio anazo. Lakini baada ya miaka 16 milango hufunguka tena: vyuo vyenye timu zinazochanganya masomo na mpira, klabu za ligi za chini zisizo za kulipwa muda wote, na zile akademi za daraja la 4.

*Anayemfaa.* Mtoto ambaye bado hajasema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba anataka akademi. Mtoto anayecheza michezo mingine pia. Mtoto aliyetoka kuachwa na anayehitaji kupumua.

Nyumbani, siku inayofuata

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hii ndiyo sehemu ambayo hakuna aliyetuandaa.

Kosa letu la kwanza lilikuwa la miaka mitano nyuma. Siku aliposaini tulituma picha kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, na bibi yake aliyeko Tanga akaionyesha mtaa mzima. Tangu hapo kila simu ilianza na swali la timu. Alipoachwa, mtoto hakulia kwa sababu ya klabu peke yake. Usiku aliniuliza, "Bibi mtamwambiaje?" Alikuwa anabeba aibu ambayo sisi ndio tuliomtengenezea. Baba yake alipiga simu mwenyewe asubuhi yake, mara moja, kwa maneno matatu au manne, na akaomba wasimuulize mtoto mpaka atakapolisema mwenyewe. Bibi alielewa kuliko tulivyotegemea. Alimtaka mjukuu kwenye simu, akamuuliza kuhusu paka.

Kosa la pili lilikuwa langu. Siku ya tatu nikamwambia habari za Jamie Vardy, aliyeachwa na Sheffield Wednesday akiwa na miaka 16 akaja kuwa bingwa wa Ligi Kuu 2016, na za Eberechi Eze, aliyeachwa na Arsenal akiwa na miaka 13, akapita Fulham, Reading na Millwall kabla ya QPR kumpa nafasi. Baadaye, mwaka 2025, Eze hata akarudi Arsenal kama mchezaji mkubwa. Ni habari za kweli. Lakini mtoto aliyeachwa juzi huzisikia kama amri: nawe lazima urudi, la sivyo umeshindwa mara mbili. Akaniambia, "Mama, mimi si Vardy," akafunga mlango. Zihifadhi habari hizo mpaka atakapoziuliza.

Kosa la tatu lilikuwa haraka. Klabu nyingine hutazama vijana walioachwa, na tulipigiwa simu siku ya 10. Tukampeleka majaribio akiwa hajalala vizuri tangu kikao, akacheza kama mtu aliye kwenye maji, wakasema hapana. Kukataliwa mara mbili ndani ya mwezi mmoja kulimuumiza kuliko kule kwa kwanza. Simu hiyo ikija, unaweza kuuliza kama wataweza kumtazama mwanzoni mwa msimu ujao. Wengine hukubali.

Kilichomsaidia kilikuwa kidogo kidogo. Kocha wake wa zamani wa Jumapili alikuja nyumbani, hakuzungumza habari za akademi, akasema tu kwamba amepungukiwa kiungo Jumapili. Viatu vilikuwa juu ya kabati tangu siku ile. Jumamosi usiku nilivikuta mlangoni, vimepigwa brashi. Tulikubaliana pia kwamba kwenye gari hatuzungumzi mpira isipokuwa yeye aanze.

Kuna huzuni inayopita na kuna inayokaa. Kijana akikosa usingizi na hamu ya kula kwa wiki kadhaa, akikataa shule, akisema hana thamani au hana sababu ya kuendelea, huyo apelekwe kwa daktari wa familia, na shule iambiwe. Akizungumzia kujidhuru, usimwache peke yake na utafute msaada siku hiyo hiyo. Wazazi wetu wengi huona aibu kwa hilo. Oktoba 2020 kijana wa miaka 18, mzaliwa wa Malawi, ambaye akademi kubwa ya hapa ilikuwa imemwacha, alipoteza maisha yake, na nchi nzima ikaanza kuuliza klabu hufanya nini baada ya kuwaacha. Baadaye Crystal Palace walitangaza mpango wa kuwafuatilia vijana wao walioachwa wakiwa na miaka 18 hadi 23, kwa miaka 3. Kwa hiyo unapokaa mezani kusaini, una haki ya kuuliza: mkimwacha, nani atampigia simu baada ya mwezi mmoja? Jina la nani?

Kwa hali yako

Mtoto wako ana miaka 8 au 9 na klabu kubwa inamtaka: hakuna hasara ya kusubiri mwaka mmoja kama nyumba haijawa tayari. Mtoto anayetakiwa akiwa na miaka 9 kwa kawaida hutakiwa pia akiwa na miaka 10, na fomu ya mwaka mmoja haifungi sana mkiamua kuingia.

Ana miaka 11 au 12 na kinachofuata ni fomu ya miaka 2: hapa ndipo pa kusoma masharti ya fidia, kupiga hesabu ya gari, na kuomba kuona tathmini ya mfano ili ujue mtoto atakavyoandikiwa.

Amezaliwa Juni, Julai au Agosti na ni mdogo wa umbo: usimpime kwa akademi kubwa peke yake. Muulize mkuu wa akademi kama huwapanga watoto nyakati nyingine kwa ukuaji wa mwili badala ya umri. Zipo zinazofanya hivyo.

Ana miaka 15 na yuko ndani tayari: panga chuo cha akiba sasa, kabla ya uamuzi, na mwandikishe. Akipata nafasi ya akademi utaifuta ile ya chuo. Akiikosa, ataamka asubuhi akiwa na mahali pa kwenda.

Ameshaachwa wiki hii: kabla hamjaondoka kwenye kikao au kesho yake, omba barua inayothibitisha kuwa usajili umekwisha bila dai, ripoti ya mwisho, na video za mechi zake. Ni vyepesi kuvipata wiki ya kwanza, na vigumu baada ya mwezi wa 7.

Yule mama wa Mombasa alipiga simu klabu zote mbili na kuuliza lile swali la nani atampigia mtoto akiachwa. Klabu kubwa ilimpa jina na namba. Klabu ndogo, mkuu wa akademi alisema, "Mimi." Mama huyo hufanya zamu za usiku hospitali, na ana pacha wa miaka 4. Mtoto alipoulizwa, alisema anataka kuendelea kwenda madrasa na rafiki yake wa jirani. Wakasaini ile ya dakika 15, kwa mwaka mmoja, na picha hawakutuma kwenye kundi la ukoo.